Watarilinkwishi nusu ya eneo: je, nusu hiyo ni yetu?

Shikamoo Ami,

Mimi ni mchimba mdogo. Nyumbani ni Malindi, lakini mashimo yetu yako bara, upande wa Ganze, tunachimba manganizi kwa sururu na mtaimbo. Tuko kikundi cha watu 14. Mwezi uliopita alitujia afisa wa kampuni ya kigeni, akatuachia nakala ya leseni yao ya utafutaji madini pamoja na mkataba wa kurasa 11, vyote kwa Kiingereza. Kijana wetu aliyemaliza fomu foo katusomea. Anasema kampuni ina "waki programu" ya miaka 3, kwa hiyo kazi ipo. Anasema kuna "roialti" na sisi jamii tuna asilimia 10. Tena anasema leseni ikiisha muda "watarilinkwishi" nusu ya eneo, yaani wataturudishia nusu ya ardhi. Tukitia sahihi tunapewa shilingi 70,000 za kuanzia. Wenzangu wanazitaka hizo. Mimi roho yangu inasita, naona mambo ni mazuri mno. Afisa anarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Kijana kasoma sawa?

Mchimba wa Ganze, Malindi

*

Marahaba, mwanangu. Kijana wenu mpeni heko, maneno kayasoma sawasawa. Alilosahau ni kuuliza kila neno linamfunga nani, na linamfunga kwa nani. Picha ulizonitumia nimezisoma zote mara mbili, ile ya ukurasa wa 7 mara tatu kwa sababu kidole chako kimefunika mstari mzima, na bahati mbaya ndio mstari wenyewe.

Mezani pako kuna karatasi mbili ambazo nyie mmezisoma kama moja. Leseni ni ahadi baina ya serikali na kampuni. Jina la kikundi chenu halimo, na hata kampuni ikiivunja, wa kuwadai ni serikali. Mkataba ndio ulio baina yenu na wao. Kijana kachukua uzuri wa leseni akauona kama umo ndani ya mkataba. Haumo. Waki programu yote imo kwenye leseni. Rilinkwishi yote imo kwenye leseni. Kwenye mkataba kumebaki hasa shilingi 70,000, kifungu cha mrabaha, na kifungu cha 9 ambacho kijana, kwa mujibu wa simu yako, alikiruka kwa kuwa "kilikuwa kirefu".

Nianze na rilinkwishi, maana hapo ndipo mnapoweza kupata kitu.

Kurilinkwishi ni kuachia haki uliyopewa, ukamrudishia aliyekupa. Sasa nani aliwapa wale haki ya kutafuta madini? Si nyie, wala si wazee wa kijiji. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inayaweka mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Hata shamba likiwa la babu yako na hati unayo sandukuni, mnazi ni wako, manganizi iliyo chini yake si yako. Kwa hiyo kampuni ikiachia nusu, nusu hiyo inarudi serikalini. Ardhi ya juu haikuwahi kuondoka kwa mwenyewe, kwa hiyo hakuna ardhi ya kurudishwa. Kinachorudi ni ile haki ya kutafuta madini, nayo inawekwa wazi ili mwingine yeyote aweze kuiomba.

Leseni yenyewe inahesabu eneo kwa vitalu, yaani vile vimraba vya kwenye ramani ya serikali. Nakala yako ina vitalu 120. Imeandikwa kwamba muda wa kwanza ni miaka 3, na kampuni ikitaka kuongezewa sharti iachie nusu ya vitalu, kisha ikiomba mara ya pili iachie nusu ya vilivyobaki. Basi 120 vinakuwa 60, na 60 vinakuwa 30. Sababu yake ni nyepesi. Mwaka wa kwanza mtafutaji hajui mali iko wapi, anahitaji uwanja mpana wa kutembeza macho. Kila anapojua zaidi anahitaji uwanja mdogo zaidi. Bila sharti hilo mtu angekalia wilaya nzima miaka 9, hachimbi wala haachi wengine wachimbe, anangoja tu bei ipande auze karatasi.

Ila tazama mstari uliofuata: vitalu vya kuachiwa vitachaguliwa na mwenye leseni. Anachagua yeye. Mtu akiambiwa agawe nusu ya kapu la maembe na kuchagua ni kwake, unajua mwenyewe yepi yatakayotoka. Ndiyo maana wachimba wengi husema eneo linaloachiwa ni makapi matupu.

Mimi sikubaliani nao kabisa, na hapa ndipo nataka utulie. Kampuni kubwa na nyie hamtafuti kitu kimoja. Wao wanatafuta mali ya kujaza meli, tabaka nene linaloendelea mbali, linaloweza kuchimbwa kwa mashine. Mshipa wenu wa manganizi wenye upana wa mita 1, unaokatika baada ya mita 40 au 50, unalisha nyumba 14 vizuri sana, lakini kwao hautoshi hata mafuta ya tingatinga. Kwa hiyo kitalu kilicho makapi kwao huenda ndicho mkate wenu. Na unaweza kukitambua mapema kabla ya barua yoyote kuandikwa. Kama mwaka wa kwanza walikuja wakagonga mawe kwenye mashimo yenu, wakatia vipande mifukoni, kisha hawakurudi tena, kitalu hicho kiko njiani kuachiwa. Kama wamerudi na kuchimba mtaro mrefu unaokata mshipa kwa upana, wamependezwa. Wakileta mashine ya kuchoronga, ile inayoteremsha bomba na kutoa vipande virefu vya mwamba kama miwa, basi hicho hawakiachi.

Sasa tuje kwenye mtego. Kifungu cha 9 cha mkataba kinasema hivi, nakutafsiria neno kwa neno: "Kikundi, wala mwanachama wake yeyote, hakitaomba, kununua wala kupata haki yoyote ya madini ndani ya Eneo la Maslahi, na kikipata, kitahesabiwa kuwa kinaishikilia kwa niaba ya Kampuni." Kisha lazima ufunue ukurasa wa 2, kwenye maana za maneno, uone Eneo la Maslahi ni lipi. Ni eneo la leseni "kama lilivyo siku ya kutia sahihi, pamoja na kilomita 5 kulizunguka". Muda wake miaka 10.

Umeiona? Siku ya kutia sahihi eneo ni vitalu 120. Kampuni ikiachia 60, kwa serikali si vyao tena. Mtu wa Nairobi anaweza kuviomba, mtu wa Kwale anaweza kuviomba, lakini nyie 14, mliozaliwa juu yake, hamwezi, na mkipewa mtakuwa mmeshika kwa niaba ya wao. Yaani kampuni inatimiza sharti la serikali la kuachia, na papo hapo inawafunga watu pekee wanaojua mishipa iko wapi. Kilomita 5 za kuzunguka ndizo zinazomaliza kabisa, kwani huko hawajawahi kuwa na leseni.

Nisiwe mwenye dhuluma: kifungu cha namna hii ni cha kawaida katika biashara hii, na kina haki yake. Kampuni ikikuonyesha matokeo ya maabara, haitaki usiku huo huo ukimbie kuomba kitalu cha jirani. Lakini haki yake ina mpaka. Unachotaka kubadilishwa ni maneno machache tu. Badala ya "kama lilivyo siku ya kutia sahihi", iandikwe "kama litakavyokuwa likishikiliwa na Kampuni wakati wowote husika". Hapo kitalu kikitoka kwenye leseni, kinatoka pia kwenye kifungu cha 9. Kilomita 5 zifutwe, au zishuke ziwe kitu cha mita mia chache. Miaka 10 iwe muda wa leseni na si zaidi. Na uongeze mstari mmoja: siku kampuni inapopeleka serikalini orodha ya vitalu inavyoviachia, siku hiyo hiyo iwape kikundi nakala. Haiwagharimu kitu. Wakikataa huo wa mwisho, utakuwa umejua nia yao kwa bei rahisi.

Kuhusu kukiomba kitalu chenyewe, usingoje kiachiwe ndipo uanze. Sheria ya 2016 inatoa kibali cha uchimbaji wa mikono kwa Mkenya mtu mzima, na katika kaunti kuna mwakilishi wa Mkurugenzi wa Madini pamoja na kamati ya wachimba wa mikono inayoyapitia maombi hayo. Leseni zote huonekana kwenye ramani ya mtandaoni ya wizara, iliyozinduliwa 2015. Chukueni simu yenye jipiesi, mpite shimo moja moja mkiandika namba zake, kisha mfanye urafiki na mtu wa sabakafe mmoja hapo Malindi awafungulie ramani mara moja kwa mwezi. Siku kitalu kikigeuka kuwa wazi, karatasi zenu ziwe tayari. Muda uliobaki wa leseni kwa hesabu ya nakala yako ni miezi 14, na kusajili kikundi, kukubaliana na wenye ardhi na kupata ramani safi kunaweza kula nusu yake.

Hukuniambia kama sasa hivi mna kibali. Nakisia hamna, kwa sababu kifungu cha 4 kinawataka "mkiri" kwamba hamna haki yoyote ya madini hapo. Hilo halinishangazi na sitakusomea hotuba. Lakini jiulize: kama hamna haki yoyote, kwa nini wawape 70,000? Wananunua vitu viwili. Wananunua utulivu, na wananunua ujuzi wa mashimo yenu, ambayo ni utafutaji uliokwisha kufanywa bure kwa jasho la watu. Shimo lenu la mita 8 linamwambia mtaalamu wao mambo ambayo angelipia pesa nyingi kuyajua. Basi ujuzi huo una bei, na unauzwa mara moja tu. Mstari uliofunikwa na kidole chako, nimeusoma baada ya mwanao kunipigia picha upya, unasema hizo 70,000 ni "malipo kamili na ya mwisho kwa yote". Gawanya kwa 14. Kila mtu shilingi 5,000.

Waki programu sasa. Hii ni ratiba ya kazi ambayo kampuni imeahidi serikali, pamoja na kiasi cha pesa cha chini itakachotumia kila mwaka. Kijana kasema kazi ipo, mkadhani ni ajira. Kazi inayosemwa ni kazi ya utafutaji: mwaka wa 1 kuchora ramani ya miamba na kuokota sampuli za udongo, mwaka wa 2 mitaro na vipimo vya sumaku, mwaka wa 3 kuchoronga mita 1,500 "kutegemea matokeo". Shikilia hayo maneno mawili ya mwisho. Maana yake matokeo ya mwaka wa 2 yasipowapendeza, hizo mita 1,500 hazipo, na hawajavunja ahadi yoyote. Hiyo ni sawa kwa sayansi, hakuna anayechoronga pasipo na kitu. Ila mtu asije akafungua kibanda cha chakula kwa kuhesabia mashine ya mwaka wa 3.

Katika Kiingereza cha karatasi hizi kuna vineno viwili vidogo vinavyobeba kila kitu. Kimoja hutamkwa "shel", nacho hufunga: kampuni sharti ifanye. Cha pili hutamkwa "mei", nacho hakifungi: kampuni ikipenda itafanya. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa kwa kineno hicho. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mkalimani wa mkutano chini ya mkwaju, upande wa Vitengeni, na karatasi ilisema kampuni "mei" kuchimba kisima cha maji. Nikawaambia watu kampuni itachimba kisima. Akina mama walipiga vigelegele. Kisima hakikuchimbwa, kampuni haikuwa na kosa, kosa lilikuwa ulimi wangu, na hadi leo kuna bibi mmoja pale akiniona sokoni hunisalimia kwa kuniuliza habari za maji. Chukua kalamu nyekundu, kwenye mkataba wako zungushia kila "shel" na kila "mei", kisha hesabu nani kapewa zipi. Nimekuhesabia: kikundi kina "shel" 17. Kampuni ina 3.

Kingine katika ratiba hiyo ni sampuli ya wingi. Leseni ya utafutaji haimruhusu mtu kuchimba na kuuza. Inamruhusu kuchukua sampuli, na sampuli ina sura yake: mifuko ya kilo chache yenye tiketi ya namba, au visanduku virefu vya vipande vya mwamba. Wakati mwingine kiwanda huhitaji mzigo mkubwa zaidi wa kujaribia, na hapo kampuni huomba idhini maalumu yenye kiasi kilichotajwa. Hilo halali. Lakini ukiona malori yanatoka asubuhi na jioni, wiki hadi wiki, hayana tiketi za namba, na kila ukiuliza unaambiwa "ni sampuli", hapo panachimbwa. Andika tarehe, namba za malori na idadi ya safari kwenye daftari la shule, upeleke ofisi ya madini ya kaunti. Nakueleza kwa sababu programu yao ya mwaka wa 2 inataja sampuli ya wingi bila kutaja tani, na kifungu cha 6 cha mkataba kinawataka nyie "kusaidia kuitoa" kwa ujira wa siku. Mtakuwa mnachimba manganizi yenu kwa kibarua, na mrabaha hauhesabiwi, kwa kuwa karatasi inaiita sampuli. Dai tani ziandikwe.

Na mitaro, nani ataifukia? Leseni inamfunga mwenye leseni kurekebisha ardhi. Mkataba wenu, kifungu hicho hicho cha 6, unaihamishia kazi hiyo kwenu. Ng'ombe akivunjika mguu mtaroni, mwenyewe atawajia nyie.

Nije kwenye roialti, ambayo kwa Kiswahili ni mrabaha. Jina ni moja, vitu ni viwili, na kijana kavichanganya.

Mrabaha wa kwanza ni wa serikali. Anayechimba na kuuza madini hulipa sehemu ya thamani ya alichouza. Sheria ya 2016, kifungu cha 183, inaugawa: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya eneo linalochimbwa. Hiyo 10 ndiyo aliyoisoma kijana. Lakini ni 10 ya mrabaha, si 10 ya manganizi. Tuhesabu kwa kiwango cha asilimia 5, nachukua hicho kwa urahisi wa hesabu tu, kwani kila madini yana kiwango chake. Kampuni ikiuza mzigo wa shilingi 1,000,000, mrabaha ni 50,000. Wa kitaifa wanachukua 35,000, kaunti 10,000, jamii 5,000. Nyie mlikuwa mnaota 100,000. Na hiyo 5,000 ni ya jamii nzima ya eneo, si ya kikundi cha watu 14, wala hailetwi na afisa wa kampuni mkononi. Tena hakuna senti kabla ya mauzo, na hakuna mauzo kabla ya leseni ya uchimbaji, ambayo ni karatasi nyingine kabisa. Utafutaji mwingi duniani huishia kwenye utafutaji. Kuna pia makubaliano ya maendeleo ya jamii, ambayo kanuni za 2017 zinayataka yawe angalau asilimia 1 ya mapato ghafi ya mwaka, lakini nayo humfunga mwenye leseni kubwa ya uchimbaji. Afisa akiyataja Alhamisi, mwambie tutayazungumza siku hiyo ikifika.

Mrabaha wa pili ni wa mkataba, na huo ndio unaoweza kuwa wenu hasa. Kifungu cha 12 kinawapa asilimia 2 ya "neti". Neti ni kinachobaki baada ya makato, kwa hiyo asilimia 2 haina maana mpaka ujue makato. Kifungu kinataja usafiri, bandari, kusafisha mawe, maabara, na "usimamizi". Weka tani moja mezani, kwa bei za mfano. Inauzwa dola 100 ikiwa melini Mombasa. Toa lori dola 28, bandari 9, kusafisha 15, maabara 2, usimamizi 6. Makato ni 60, neti ni 40. Asilimia 2 ya 40 ni senti 80 za dola. Ingekuwa asilimia 2 ya bei ya kuuzia, mngepata dola 2. Na bei ya manganizi ikishuka hadi dola 60, neti ni sufuri, manganizi inaendelea kuondoka, nyie hamna kitu. Hilo la usimamizi linaniudhi zaidi, kwa sababu anayelipwa ni kampuni dada yao wenyewe. Pesa inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto, na njiani imewapunguzia.

Ningekuwa nyie nisingebishana juu ya makato kabisa. Wachimba 14 hamna mhasibu wa kukagua vitabu vilivyoko ng'ambo. Dai shilingi kadhaa kwa tani, inayopimwa kwenye mizani ya lori, na nakala ya kila risiti ya mizani ibaki kwenu. Lori mnaliona kwa macho yenu. Kiasi kirekebishwe kila mwaka, maana shilingi ya leo siyo ya miaka 6 ijayo. Wataalamu wa mikataba watakucheka, watasema asilimia ya bei ya kuuzia ni bora bei ikipanda. Ni kweli. Mimi nachagua kitu ambacho kikundi chako kinaweza kukihesabu chenyewe kikiwa kimekaa juu ya gogo.

Basi Alhamisi. Msitie sahihi, na msimfukuze mtu. Afisa huyo huenda hata hakuuandika mkataba huo, kapewa. Mkaribisheni chai, mwambieni mna mambo manne ya kurekebishwa: kifungu cha 9 kifuate eneo linaloshikiliwa na si eneo la siku ya sahihi, nakala ya orodha ya vitalu vya kuachiwa, tani za sampuli ya wingi pamoja na kufukia mitaro, na kifungu cha 12 kiwe kwa tani ya mizani. Maneno ya "malipo kamili na ya mwisho" yatoke, zile 70,000 ziitwe malipo ya kuingia tu. Mwulizeni pia mkataba wa Kiswahili, na iandikwe kwamba maandishi mawili yakitofautiana yapi yanashinda. Wengi hukubali tafsiri kwa haraka, kisha chini kabisa huweka kwamba ya Kiingereza ndiyo inayoshinda.

Wenzako wakikulaumu kwa zile 5,000 za kila mtu, wasomee kifungu cha 9 kwa Kiswahili, polepole, kisha uwaulize ni nani kati yao yuko tayari kukaa miaka 10 asiombe kibali hata kilomita 5 kutoka mashimo yake. Na kabla ya Alhamisi, wewe na kijana mmoja mpite na ile jipiesi. Mashimo yote, hata yale mliyoyaacha.

Ami